Lori la saruji na pesa zisizoonekana kwenye faida

Kampuni ya jumla jijini Dodoma inafikiria kununua lori la tani 10 ili iwasambazie saruji wenye hadiwea wa vijijini. Lori ni shilingi milioni 120. Mwaka wa kwanza litaleta mauzo mapya ya milioni 400, na baada ya kulipia saruji, dizeli na dereva zitabaki milioni 60. Mauzo ambayo duka lilikuwa nayo tangu zamani hayahesabiwi hapa. Kinachopimwa ni kile tu kinacholetwa na lori.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 inaruhusu malori makubwa ya namna hii kukatwa uchakavu wa asilimia 25 kwa mwaka, kila mara kwa thamani iliyobaki. Mwaka wa kwanza ni milioni 30. Hakuna anayelipwa fedha hizo, kwa kuwa lori lilishalipiwa, lakini zinapunguza faida inayotozwa kodi kutoka milioni 60 hadi 30. Kwa kiwango cha asilimia 30, kodi inashuka kutoka milioni 18 hadi 9. Hiyo milioni 9 iliyookolewa ndiyo kinga ya kodi. Kampuni inabaki na taslimu milioni 51, ingawa faida baada ya kodi ni milioni 21 tu. Kinga hii humfaa mwenye faida ya kutozwa kodi. Anayelipa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo haipati.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hesabu huharibika.

Wenye hadiwea huchukua mifuko leo na kulipa baada ya mwezi, kwa hiyo kama milioni 33 zitakuwa mikononi mwao wakati wote. Stoo itahitaji saruji ya ziada ya milioni 15. Kiwanda kikikubali kudai milioni 8, kampuni bado itatoa milioni 40 mfukoni. Mradi basi unaanza na milioni 160, si 120.

Mwaka wa pili mauzo yapande hadi milioni 480, na ziada kabla ya kodi ifike milioni 72. Uchakavu sasa ni milioni 22.5, kodi milioni 14.85, na zinabaki milioni 57.15. Lakini mtaji wa uendeshaji nao umepanda kutoka milioni 40 hadi 48. Kinachotolewa ni ile nyongeza ya milioni 8 peke yake. Anayetoa 48 zote anakata fedha zilezile mara mbili. Taslimu ya mwaka inakuwa milioni 49.15, pungufu ya mwaka uliotangulia, japo biashara imekua.

Mradi ukifungwa, milioni 48 hurudishwa kwenye hesabu ya mwaka wa mwisho. Mpangaji makini huandika pungufu kidogo, kwa sababu mifuko mingine itakuwa imeganda stoo na wadaiwa wengine watakuwa wamefunga maduka.