Namba ya Oili Haiijui Klachi

Dereva wa bodaboda akifika dukani huomba oili kwa namba. “Nipe twenti fifti,” au “nipe namba 40,” na muuzaji hunyoosha mkono kwenye kopo lililo karibu. Mara nyingi mambo huenda vizuri. Lakini wako wanaobadilisha oili leo, na baada ya siku chache pikipiki inaanza kunguruma mlimani bila kwenda. Fundi anafungua klachi, dereva analaumu vipuri vya bandia, na kopo la oili halitajwi na mtu, kwa sababu namba yake ilikuwa ileile.

Namba ile ni sahihi, ila haisemi lolote kuhusu klachi. Inapima mnato, yaani jinsi oili inavyotiririka kwa wepesi au kwa uzito, kama uji mwepesi na uji mzito. Vipimo hivyo vinatoka SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Katika 20W-50, herufi W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake inaonyesha kama oili itamruhusu mtu kuwasha injini iliyopoa sana: oili ya 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Hakuna kijiwe cha bodaboda Njombe wala Limuru chenye baridi ya namna hiyo, kwa hiyo huku kwetu namba ya kwanza si ya kumkosesha mtu usingizi.

Namba ya pili ndiyo yenye kazi. Inaeleza mnato wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, na hapo 50 ni nzito kuliko 40, na 40 ni nzito kuliko 30. Injini inayopozwa kwa upepo, kama za pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150, hupata joto kali inapotembea polepole kwenye foleni na mzigo. Ndiyo maana vitabu vya pikipiki nyingi za kazi vinataja 20W-50. Lakini si zote. Honda huelekeza 10W-30 kwa pikipiki zake nyingi, na mwenye nayo hana haja ya kuweka nzito zaidi kwa kudhani ndiyo yenye nguvu. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu kwenye vali wakati wa kuwasha asubuhi, na hula mafuta.

Sasa tuje kwenye klachi. Gari la gia za mkono huwa na sahani moja ya klachi iliyo kavu, imekaa kati ya injini na gia boksi, na tone la oili likiifikia ni ugonjwa. Pikipiki nyingi za gia zimepangwa tofauti kabisa. Injini, gia na klachi vyote vinakaa ndani ya nyumba moja na kuoga oili moja, ambayo kwa pikipiki ya 150 ni kama lita moja hivi. Klachi yenyewe ni rundo la sahani ndogo: za chuma tupu, na katikati yake zile zenye utando wa kushika, zikibanwa pamoja na springi. Oili inazipoza na kuondoa vumbi la kusagika. Ukiachia mkono wa klachi, springi zinakamua oili iliyo kati ya sahani, utando unakamata chuma, nguvu inakwenda kwenye gurudumu.

Kushika huko kunategemea msuguano, na watengenezaji wa oili za magari wamekuwa wakiupunguza msuguano kwa makusudi. Ili gari litumie petroli kidogo, oili nyepesi kama 5W-30 na 0W-20 hutiwa kemikali zinazong’ang’ania juu ya chuma na kukifanya kiteleze. Kwenye pistoni na beringi ni jambo jema. Kwenye sahani za klachi iliyo ndani ya oili, kemikali hizohizo hubaki juu ya utando hata oili ikishakamuliwa, na sahani zinateleza badala ya kushikana.

Wajapani, ambao viwanda vyao vilikuwa vimeijaza dunia pikipiki, waliona tatizo hili oili za magari zilipozidi kulainishwa. Mwaka 1998 shirika lao la viwango vya magari, JASO, likatoa kiwango cha T 903 kwa injini za pikipiki za mipigo minne. Oili huwekwa kwenye mashine yenye sahani za klachi, kisha hupimwa mambo matatu: msuguano sahani zikiwa zinateleza, nguvu inayohitajika kuzing’oa zikiwa zimeshikana, na muda zinaotumia kusimama. Inayoshika vya kutosha hupewa herufi MA. Baadaye kundi hilo likagawanywa: MA1 ni upande wa msuguano mdogo zaidi, MA2 ni upande wa msuguano mkubwa zaidi. Inayoteleza zaidi huitwa MB, na hiyo ni ya skuta za mkanda, ambazo klachi yake ni kavu na haikutani na oili ya injini. Ukiitia MB kwenye pikipiki ya gia umejitafutia shida kwa pesa yako mwenyewe.

Kiwango hicho kinaangalia pia jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni meno ya gia. Oili yenye namba mbili hutiwa molekuli ndefu zinazoisaidia isiwe nyepesi mno ikipata moto. Katika gari molekuli hizo zinapita kwenye injini tu. Katika pikipiki zinapita pia kati ya meno ya gia, yanayozikata kama mkasi, na oili iliyoingia ikiwa 50 inaweza kushuka hadi ngazi ya 40 kabla ya siku ya kumwaga. T 903 inaweka kikomo cha kushuka huko.

Chukua pikipiki ya 150 inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, abiria nyuma na mfuko wa saruji. Dereva amemwaga 20W-50 aliyoizoea na kuweka 5W-30 ya gari, ghali kuliko ile, kwa nia njema kabisa. Kwenye tambarare hakuoni kosa. Kwenye kona za kupanda anavuta mafuta, sauti inapanda, mwendo haupandi. Baadaye hata tambarare akiwa gia ya nne akiongeza mafuta ghafla, injini inaruka kwanza na pikipiki inafuata kwa kuchelewa. Mwishowe kunakuja harufu ya kuungua.

Kabla ya kufungua chochote, fundi mzuri huangalia nafasi ya mkono wa klachi. Kwenye ncha yake unatakiwa ucheze kidogo, kama sentimita moja hadi mbili, kabla haujaanza kuvuta. Ukiwa umekaza bila kucheza, klachi haijiachii yote na itateleza hata kwenye oili bora. Nafasi ikiwa sawa, linalofuata ni kuuliza oili gani imeingia. Ikigundulika mapema, inamwagwa ikiwa ya moto, inawekwa yenye MA, pikipiki inatembea kidogo, na ni busara kumwaga tena, kwa sababu sehemu ya oili ya zamani hubaki kwenye kuta na kati ya sahani. Mara nyingi klachi hurudi. Lakini dereva aliyeendelea kubeba mizigo siku nyingi ikiwa inateleza atakuta utando umeng’aa kama kioo na sahani za chuma zimegeuka buluu kwa moto. Hapo oili haitibu tena; ni kununua seti mpya.

Kuna watakaosema wametumia 20W-50 ya gari miaka mingi na klachi haijawasumbua. Nawaamini. Oili nzito za magari kwa kawaida hazimo kwenye mashindano ya kuokoa petroli, ambayo ni ya oili za 30 na chini yake, hivyo nyingi hazina zile kemikali za kulainisha. Wamesalimika kwa sababu hiyo, si kwa sababu mtu alizipima kwa klachi yao.

Dukani, basi, geuza kopo. Duara la API lina juu herufi mbili kama SG, SJ au SL: S ya kwanza ni ya injini za petroli, na herufi ya pili inavyosonga mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya zaidi. Nusu ya chini ya duara hilo ikiwa na maneno ya kuhifadhi nishati au rasilimali, rudisha kopo. Kisha tafuta kisanduku cha JASO chenye namba ya usajili na herufi zake. Neno JASO peke yake halitoshi: FB, FC na FD ni oili za kuchanganya na petroli kwenye injini za mipigo miwili. Na ujue kwamba JASO haipimi kila kopo linalouzwa. Kampuni yenye oili ndiyo inayojipima, inajisajili na kudhamini, hivyo kopo lenye lebo iliyofifia au kifuniko kilichokwishafunguliwa halikupi dhamana yoyote.

Ukishasoma namba inayotajwa na kitabu cha pikipiki yako, tafuta herufi MA, MA1 au MA2 kama kitabu kinavyotaka. Usipoziona, mwachie kopo hilo mwenye gari.