Sentimita 45 za Bibi

Kaka yangu amepanga nyumba Morogoro, na mwezi ujao Bibi anahamia kwake. Bibi anatembea kwa mkongojo tangu alipoanguka. Kaka akachora ramani ya sebule kwenye daftari la hesabu, akaipiga picha na kunitumia: "Wewe mwalimu mtarajiwa, hebu sahihisha." Nikachukua kalamu nyekundu kweli.

Chumba kina urefu wa mita 3.9 kutoka mashariki kwenda magharibi, na upana wa mita 3.3. Mlango wa mbele uko ukuta wa kusini, mwisho kabisa upande wa mashariki. Mlango wa korido unatazamana nao ukuta wa kaskazini, upande huohuo. Dirisha ni moja, pana, katikati ya ukuta wa magharibi. Kaka ameweka sofa ya watu watatu kaskazini, tivii kusini, meza katikati, na sofa ya watu wawili ukuta wa mashariki, katikati ya ile milango miwili. Kwenye karatasi kila kitu kimeenea, tena vizuri tu.

Tatizo ni kwamba amechora vitu, hajachora watu. Fuata safari ya Bibi kutoka mlango wa mbele kwenda korido. Njia fupi ni kuambaa na ukuta wa mashariki, lakini hapo kuna sofa yenye kina cha sentimita 90. Kwa hiyo lazima aizunguke kwa mbele, apite kati ya sofa na meza. Nilipima: sentimita 45. Nafasi hiyo inafaa kabisa kwa aliyeketi, maana anafikia kikombe bila kuinuka. Kwa kupita, mtu mzima mwenye miguu mizima atapita kiubavu. Mwenye mkongojo anahitaji kama sentimita 90, kwa sababu mkongojo unatua pembeni ya mwili, siyo mbele yake. Na wageni wakikaa pale, magoti yao yanakula hata hizo 45.

Nikamwambia, Kaka, ile sofa ya wawili iondoke hapo. Ihamie chini ya dirisha, na ukuta wa mashariki ubaki mtupu, sentimita 100 kutoka ukutani hadi ubavu wa sofa kubwa. Meza haikusogea hata kidogo: imebaki sentimita 45 kutoka kila sofa, na kati yake na kabati la tivii kuna 90. Zulia nalo liishie kwenye meza, lisiingie njiani, maana ncha ya mkongojo hunasa kwenye ukingo wa zulia.

Kuhusu mwanga, tivii aliiweka sawa. Dirisha liko ubavuni mwake. Angeiweka ikitazamana na dirisha, jioni wangekuwa wanaangalia picha ya dirisha ndani ya kioo.

Ila meza ya kusomea ya binti yake, aliye darasa la saba, aliiweka pembe ya kusini-magharibi, mtoto akitazama kusini. Simama hivyo uone: magharibi iko mkono wa kulia. Binti anaandikia mkono wa kulia, kwa hiyo kivuli cha mkono wake mwenyewe kitaangukia palepale anapoandika. Ndiyo maana madarasa mengi yalijengwa madirisha makubwa yakiwa kushoto kwa wanafunzi (wa mkono wa kushoto walisahauliwa, hiyo ni kesi nyingine). Nikaihamishia pembe ya kaskazini-magharibi, mtoto atazame kaskazini. Kando ya sofa kubwa zimebaki sentimita 80. Meza yake ina 75. Sofa ya wawili ianze sentimita 70 kutoka kwenye meza hiyo, kiti kipate pa kuvutwa.

Dirisha la magharibi lina kero yake. Iwe Juni jua likiwa kaskazini, au Desemba likiwa kusini, jioni linaingia tu. Likiwa limeshuka nusu ya anga, dirisha ambalo juu yake ni mita 2.1 kutoka sakafuni hupitisha jua hadi mita 2.1 ndani, kama nje hakuna kibaraza cha kulikinga. Likishuka zaidi, linaingia mbali zaidi. Nilimwomba Kaka aweke alama ya chaki sakafuni saa nane na saa kumi, ajue pazia jepesi lishushwe saa ngapi ili binti asiumie macho.

Kwa chaki hiyohiyo akachora masofa yote sakafuni kabla ya kubeba chochote, kisha akapita na fimbo ya ufagio mkononi. Akapita vizuri. Halafu akanipigia: shemeji anataka rafu ya viatu ikae kwenye ule ukuta mtupu. Rafu ina kina cha sentimita 30. Zinabaki 70. Nimemwambia viatu vilale barazani, na shemeji hajanijibu hadi leo.