Kununua kiwanja Kajiado: hati mkononi haitoshi

Wenye malori na wafanyabiashara wanaotumia barabara ya Nairobi kwenda Namanga wamekuwa wakinunua viwanja kando yake kwa ajili ya maegesho na maghala. Wengi wao ni wanunuzi wa mara ya kwanza, na fedha hupotea zaidi pale mnunuzi anapoangalia karatasi ya muuzaji bila kuangalia rejista ya serikali.

Kwa mfano, mwenye lori mmoja anaonyeshwa kiwanja cha futi 50 kwa 100, yaani takriban thumuni ya ekari. Muuzaji ana nakala ya hati, ana kitambulisho, na anataka amana ya asilimia 10 kabla ya jioni kwa sababu "kuna mteja mwingine". Kwanza mwenye lori amwombe nakala hizo mbili, halafu aende ofisi ya usajili wa ardhi inayohusika na eneo hilo akaombe upekuzi rasmi, ambao wengi huuita sachi. Amana ingoje.

Cheti cha sachi kina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe: ukubwa wake, na kama ni milki huru au ya kukodi. Sehemu B inataja mwenye ardhi na tarehe aliyosajiliwa. Sehemu C ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayoonyesha madeni na vizuizi: rehani ya benki, amri ya mahakama, au zuio lililowekwa na mtu anayedai haki.

Tuseme cheti cha mwenye lori kinarudi na Sehemu C ikiwa safi, lakini Sehemu A inasema ekari 5. Hapo ajue kwamba alichoonyeshwa ni hati mama. Thumuni yake bado haipo katika rejista, ipo kwenye mchoro wa dalali tu. Mpaka mpimaji aigawe ardhi hiyo, mgawanyo usajiliwe na kila kipande kipate nambari yake, muuzaji anaweza kuuza thumuni ile ile kwa watu watatu, na kila mmoja akaondoka na nakala ya hati moja. Mwenye lori ana njia mbili: asubiri hati ya kipande chake, au mkataba useme wazi kwamba fedha zitakaa kwa wakili hadi hati hiyo itoke.

Muuzaji ni nani?

Jina na nambari ya kitambulisho cha muuzaji vilinganishwe na Sehemu B. Ikiwa aliyesajiliwa amefariki, mtoto wake hana ruhusa ya kuuza kwa kuwa tu ni mrithi. Anatakiwa kuwa na hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Ikiwa muuzaji ameoa au ameolewa, na ardhi ni mali ya ndoa, ridhaa ya mwenzi wake iandikwe na kutiwa saini. Majirani na chifu nao waulizwe. Rejista haionyeshi ugomvi wa mipaka, lakini jirani anaujua.

Ardhi ya kilimo ina hatua nyingine, nayo ni kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe saini. Bila kibali sheria inauita mkataba huo batili, na mnunuzi hubaki na haki ya kudai fedha zake tu.

Wafanyabiashara kutoka Tanzania na nchi nyingine wana jambo la ziada. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inamruhusu mgeni kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Ardhi ya kilimo ni ngumu zaidi kwake, maana bodi haitoi kibali kwa mgeni bila msamaha maalumu wa Rais. Kutumia jina la rafiki Mkenya ni hatari iliyo wazi: jina la rafiki huyo ndilo litakaloandikwa Sehemu B.

Hata sachi safi ina kikomo chake. Aprili 2023, katika kesi kuhusu kiwanja cha Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema hati peke yake hailindi umiliki ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hiyo wakili aombe pia historia ya ardhi, hasa inapopakana na barabara kuu, mto au shule.

Kwa Nairobi, maombi ya sachi hupitia mtandao wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021. Kwingineko mnunuzi aulize kwanza katika ofisi ya ardhi ya kaunti. Sachi ifanywe mara mbili, kabla ya mkataba na tena siku ya kulipa salio, kwa kuwa rehani inaweza kuandikishwa katikati ya siku hizo.