Mida: Hesabu Mwezi Kabla ya Kukata Tiketi

Anayetaka kuona ndege wa hori ya Mida, karibu na Watamu, aanze na kalenda ya mwezi ndipo atafute hoteli. Ndege wahamiaji huanza kuwasili pwani ya Kenya kutoka kaskazini mwezi Agosti, na wengi huondoka kufikia mwisho wa Aprili. Mimi ningechagua nusu ya pili ya Machi. Wakati huo vitwitwi wenye mdomo uliopinda, ambao tangu Novemba walikuwa wa kijivu wasiotambulika kwa urahisi, huanza kuwa wekundu wa matofali kwa ajili ya msimu wa kuzaa huko Siberia. Mvua za masika nazo kwa kawaida huwa hazijaharibu njia za msituni.

Sasa chagua siku. Wavuvi hutofautisha bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu ya katikati. Siku za bamvua, bahari hapa hujaa kama saa kumi alasiri. Maji yakiwa yametoka, ndege hutawanyika mbali kwenye matope, na hata kwa darubini nzuri utaona vidoa tu vinavyotetema kwa joto. Yakijaa kabisa, wameshahamia mahali pa kupumzikia. Kwa hiyo fika kwenye daraja la mbao lipitalo katikati ya mikoko saa nane, jua likiwa limeanza kukupa mgongo, ukae kimya. Maji yanapopanda, matope hupungua na ndege husogea upande wako. Kati yao mtafute ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa. Huyu huzalia visiwa na fukwe za Oman na Ghuba, akichimba mashimo mchangani ambamo joto la jua husaidia kuatamia yai.

Kwa kuwa hori inakudai alasiri, alfajiri inabaki ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio jirani kabisa. Ingia kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kufikia saa tatu joto limeshanyamazisha sauti nyingi. Asubuhi ya kwanza nenda kwenye mirihi, miti ya mchanga mweupe, ambako makundi ya ndege wa aina mbalimbali hupita juu vileleni wakiwinda wadudu. Usikimbizane nayo, shingo itauma bure. Simama, sikiliza, yatakufikia. Ya pili nenda kwenye vichaka vya udongo mwekundu, makao ya bundi mdogo wa Sokoke. Mchana hulala tawini akifanana na jani kavu, na bila mwongozaji wa hapo anayejua tawi lake la jana utampita hatua mbili usimwone.

Kila siku maji hujaa yakichelewa kama dakika hamsini, hivyo siku ya tatu, bahari ikijaa karibu na magharibi, daraja halihitaji kufikiwa kabla ya saa tisa na nusu.