Omba Ushuhuda, Usiombe Sifa
Maarifa ya biashara ndogo ughaibuni: sehemu ya tatu

Juma lililopita tulizungumzia namna ya kumpa mteja bei kabla ya kazi. Leo tunakwenda mwisho wa kazi: mteja ameridhika, ameshukuru, nawe unataka maneno yake yamfikie asiyekujua.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli pale watu wanapokiona hicho kizuri. Hapa Abu Hamour, kusini mwa Doha, kazi ya fundi hufichwa na kuta nne. Jirani haijui, na pengine mwaka ujao jirani mwenyewe atakuwa amehama mkataba wake ukiisha. Anayeweza kuisema ni yule aliyekuwa ndani ya nyumba. Huyo ndiye shahidi, na shahidi haombwi kusifu. Anaombwa kusema alichokiona.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayolifanya ombi liwe jepesi au zito. Nitaieleza kwa kisa cha kijana mmoja wa Likoni, fundi wa viyoyozi katika kampuni ndogo ya matengenezo.

Mwezi Juni aliitwa na mama mmoja, mwalimu kutoka pwani yetu, anayeishi kwenye jengo la ghorofa si mbali na Dar Al Salam Mall. Kiyoyozi cha chumba cha watoto kilikuwa kikidondosha maji ukutani. Mafundi wawili waliotangulia waliongeza gesi wakaenda zao, na maji yakaendelea. Kijana wetu aliangalia mpira wa kutolea maji, akaukuta umezibwa na tope la vumbi lililochanganyika na utelezi wa kijani. Akauzibua, akasafisha trei, akaosha vichujio, kisha akamimina jagi la maji kwenye trei kuhakikisha yanatoka nje yote. Siku ya tatu mama alipiga simu: ukuta umekauka, watoto wamelala vizuri.

Kijana alifurahi, akamwandikia hapohapo: “Tafadhali naomba utupe ushuhuda kuhusu huduma zetu.” Mama akajibu, “Sawa mwanangu, nitakuandikia.” Wiki tatu zikapita kimya.

Aliponijia alidhani mama amebadilika. Sivyo. Mama alipewa kazi ya insha bila kuambiwa aandike urefu gani, kwa lugha gani, itasomwa na nani, wala jina lake litatokea wapi. Neno “huduma zetu” nalo halikumkumbusha chochote. Alikuwa na maji ukutani, akawa hana tena. Mtu mwenye shukrani, akiona hajui aanzie wapi, huahirisha. Akiahirisha sana huona haya, na akiona haya hukwepa hata kukupigia kazi nyingine ikitokea. Dalili ya ombi zito ni hiyo: “sawa” ya haraka isiyofuatwa na kitu.

Tuliliandika ombi upya. Hili ndilo alilolituma, usiku baada ya Isha, si Ijumaa adhuhuri watu wakiwa msikitini:

“Shikamoo mamangu. Ni mimi fundi wa kiyoyozi cha chumba cha watoto. Natumai ukuta bado mkavu. Nina ombi dogo: nijibu maswali matatu kwa sauti, dakika moja yatosha. Kabla sijaja, tatizo lilikuwa nini? Nini kilikutia wasiwasi kuniita? Na sasa hali ikoje? Mimi nitayaandika, nikurejeshee uyasome na uyarekebishe kwanza. Nataka kuyaweka kwenye stetasi yangu ya WhatsApp na karatasi ya bei ya kampuni. Jina si lazima. Ikiwa hupendi, niambie tu hapana, na nikihitajika nitakuja vilevile.”

Jibu lilikuja kabla hajalala.

Tazama ni mzigo gani umeondoka. Mama hakuandika, alizungumza. Hakubuni, alikumbuka. Alijua maneno yanakwenda wapi. Alipewa mlango wa kutokea bila kuvunja heshima, na mlango huo ni wa lazima: anayekubali kwa sababu hana njia ya kukataa atakupa maneno baridi yasiyomshawishi mtu.

Swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote. Mama alisema: “Nilishalipa mara mbili bure, nikaogopa wa tatu naye ataongeza gesi aende.” Hofu hiyo ndiyo hofu ya kila mteja anayeshika simu kutafuta fundi. Sentensi kumi za “ni fundi hodari sana” haziigusi.

Kisha akaongeza: “Aliniambia saa nane akafika saa tisa, lakini alinipigia mapema kunieleza.” Kijana alitaka kuifuta sentensi hiyo. Nikamsihi aiache. Ukifuta kasoro, unabaki na sifa, na msomaji huhisi mkono wa muuzaji. Ukiiacha, hata yale mema huaminika, kwa kuwa yametoka kwa mtu aliyeangalia kweli. Unaruhusiwa kufupisha na kuondoa “eeh” na “yaani”. Huruhusiwi kuongeza neno ambalo mteja hakulisema. Na baada ya kufupisha, lazima mteja ayasome tena maneno yake.

Haya ndiyo yaliyobaki, naye akayakubali: “Maji yalikuwa yakidondoka chumba cha watoto. Nilishalipa mara mbili bure, nikaogopa wa tatu naye ataongeza gesi aende. Huyu alizibua mpira, akamwaga maji mbele yangu kunionyesha yanatoka. Aliniambia saa nane akafika saa tisa, lakini alinipigia mapema kunieleza. Ukuta mkavu hadi leo. Mwalimu, Abu Hamour.”

Jina hakulitoa, nasi hatukulidai. Qatar ina sheria ya faragha ya taarifa binafsi, Sheria Na. 13 ya mwaka 2016, ambayo msingi wake ni ridhaa ya mwenye taarifa. Lakini hata pasipo sheria, chumba cha watoto ni sitara ya mtu. Ukipiga picha, piga mpira na trei tu, bila mtu, bila namba ya mlango, na uiombee ruhusa yake peke yake. Ruhusa ya maneno haibebi ruhusa ya picha.

Imebaki saa ya kuomba. Wengi huomba pale hewa baridi inapoanza kuvuma, mteja akiwa anatabasamu. Ni mapema mno. Mpira uliozibuliwa vibaya huziba tena baada ya siku chache, na ushuhuda uliotolewa siku ya kwanza utamgeuka aliyeutoa. Usiombe pia kabla malipo hayajakamilika, wala mbele ya wageni wake, maana hapo “ndiyo” si yake. Ngoja kama wiki, uulize kwanza kama kazi imesimama. Akisema maji yamerudi, sahau ushuhuda, beba vifaa uende.

Asipojibu, mkumbushe mara moja tu. Na usimpe punguzo ili aseme. Shahidi aliyelipwa, hata akisema kweli, hutiliwa shaka. Kama unataka kumshukuru, mshukuru siku nyingine, kwa kazi.

Mteja wako akiwa Mmalayali, Mfilipino au Mwarabu, mwache aseme kwa lugha yake, kisha mwenye lugha hiyo akutafsirie. Ukimlazimisha Kiingereza utapata maneno matatu ya kuazima.

Juma lijalo tutaona la kufanya na mteja ambaye hakuridhika.

Itaendelea.