Laini Imehamishwa, Akaunti Imekauka (Sehemu ya Pili): Barua Mbili, Si Moja

Wiki iliyopita tuliona jinsi mwizi anavyojitwalia nambari ya simu ya mtu. Leo tumfuate mteja, tuseme wa Nakuru. Simu yake ilipoteza mtandao saa 19:40. Saa 19:52 nywila ya benki ikabadilishwa, na kufikia saa 20:20 shilingi 184,000 zilikuwa zimetoka kwa mikupuo mitatu.

Wengi huandika barua moja ya kulalama na kuwapelekea wote. Kampuni ya simu hujibu kwamba laini ilibadilishwa kwa kufuata utaratibu; benki nayo hujibu kwamba miamala iliidhinishwa kwa nambari sahihi ya siri. Kila jibu laweza kuwa la kweli, na mteja asipate hata senti.

Barua ya kampuni ya simu idai kumbukumbu. Kila kadi ya simu ina utambulisho wake wa ndani, uitwao IMSI. Kubadilisha laini ni kuihamisha nambari ile ile kwenye IMSI nyingine, na mtambo huliandika tukio hilo. Uliza: lilifanyika saa ngapi, kwenye duka gani au kwa wakala yupi, kwa kitambulisho gani, na kadi mpya iliwashwa kwenye simu yenye IMEI ipi? Taja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26, kinachompa mtu haki ya kuona data yake. Jina la mfanyakazi huenda wakakataa kulitoa. Saa ya tukio hawana sababu ya kuificha.

Benki iulizwe mengine: nywila ilibadilishwa kwa kifaa gani? Je, kifaa hicho kiliwahi kutumika kwenye akaunti hii? Kisha lije swali zito: kabla ya kutuma msimbo wa kuthibitisha, mlikagua kama laini imebadilishwa karibuni? Benki inaweza kupata taarifa hiyo kutoka kwa kampuni ya simu. Kama haikuuliza, dakika 12 kati ya 19:40 na 19:52 ndizo hoja ya mteja.

Katika barua zote andika saa kama mitambo inavyoziandika. Ukiandika “saa mbili” pale rekodi inaposema 20:00, umewapa upenyo wa kubishana. Ambatisha nambari ya OB kutoka polisi, na udai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Kuzuia akaunti zilizopokea fedha hakungoji barua. Hilo ni la kupiga simu benki usiku ule ule. Na kama mteja mwenyewe alimtajia mwizi nambari yake ya siri, benki itang’ang’ania hapo, kwa hiyo alieleze mwenyewe mapema.

Wakikaa kimya, malalamiko dhidi ya benki yaende Benki Kuu ya Kenya, na dhidi ya kampuni ya simu yaende Mamlaka ya Mawasiliano. Wiki ijayo tutasoma majibu yao.