Karatasi za Ngamia Kwenye Kaunta ya Benki

Mfanyabiashara wa Hadado anayefikisha ngamia wake katika soko la mifugo la Garissa hulipwa taslimu, na huwa na sababu nzuri ya kutaka hivyo. Anayenunua ni mgeni kwake, mnyama akishapakiwa kwenye lori la kwenda Nairobi au Mombasa harudi, na aliyesimama kati yao ni dalali tu, mtu anayewajua wote wawili na anayethibitisha kwamba mnyama si wa wizi. M-Pesa haisaidii sana hapo, kwa kuwa muamala mmoja hauwezi kupita Sh250,000 na akaunti yenyewe haipokei zaidi ya Sh500,000. Kwa hiyo noti zinahesabiwa papo hapo, zinafungwa kwa raba, zinatiwa kwenye mfuko, na mwenye mfuko anaelekea benki kabla milango haijafungwa.

Karani anaziangalia kisha anauliza, "Mzee, hizi pesa zimetoka wapi?"

"Ni za ngamia."

Jibu hilo ni la kweli. Ila karani hawezi kuliandika kwenye fomu na kuliacha hapo, na ndipo ugomvi unapoanza. Mzee anahisi ameitwa mwizi mbele ya foleni nzima, naye karani anajua kwamba akipokea pesa hizo bila maelezo, kesho atakayehojiwa ni yeye.

Uchungu wa swali hilo una historia yake katika kaunti za kaskazini mashariki. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa na kufunga akaunti za watu na mashirika 86. Kampuni hizo zilirudishiwa leseni mwezi Juni, lakini kwa wiki kadhaa familia zilizokuwa zikitegemea hawala zilikosa pa kupokelea pesa za ndugu zao walio ughaibuni. Mtu aliyepitia hayo akiulizwa chanzo cha pesa zake, hasikii swali la kawaida la benki. Sidhani ni haki kumlaumu kwa hilo.

Hata hivyo swali halikutungwa kwa ajili ya Wasomali wala wafugaji. Linatokana na Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kupambana na Utakatishaji wa Fedha ya mwaka 2009, na anaulizwa pia mwenye duka la vyuma Nakuru na muuza viwanja wa Kitengela. Benki nyingi zilianza kulikazia baada ya Septemba 2018, Benki Kuu ilipozitoza benki tano kubwa faini ya jumla ya Sh392.5 milioni. Pesa zilizoporwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, zilikuwa zimepita kwenye kaunta zao, na makosa yaliyotajwa ni kutoripoti miamala mikubwa ya taslimu na kukosa stakabadhi za kuieleza. Mnamo Februari 2024 Kenya ikaingizwa katika orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalopima jinsi nchi zinavyozuia pesa haramu, na masharti yakazidi kubana.

Kuna viwango viwili ambavyo mteja anapaswa kuvitofautisha. Cha kwanza ni Sh1 milioni. Kuanzia hapo, kwa agizo la Benki Kuu, benki hukuuliza pesa zimetoka wapi, ni za kazi gani, na kwa nini hazikupitia njia ya kielektroniki. Cha pili ni dola 15,000, ambazo kwa bei ya Sh129 kwa dola ni kama Sh1.93 milioni. Taslimu ikifika hapo, benki inalazimika kuripoti kwa Kituo cha Kuripoti Masuala ya Fedha, kinachojulikana kama FRC, hata kama mteja ni imamu anayejulikana mji mzima. Kiwango hicho kilikuwa dola 10,000 hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2023. Ripoti ya aina hii haimtuhumu mtu. Ya tuhuma ni nyingine, na benki huiandika pale maelezo yasipoingia akilini, pesa ziwe nyingi au kidogo. Hiyo hutaambiwa kamwe, maana mfanyakazi wa benki akikudokezea kwamba umeripotiwa, yeye mwenyewe anakuwa ametenda kosa.

Sasa tumchukue mfanyabiashara wa mfano tuone karatasi zake. Ametoka Hadado na ngamia 28, amewauza Garissa kwa Sh95,000 kila mmoja, jumla Sh2,660,000. Lori, ushuru, dalali na chakula cha vijana waliosindikiza mifugo vimekula Sh160,000. Anafika kaunta na Sh2,500,000, kiasi kilichovuka viwango vyote viwili.

Watu wengi hudhani biashara ya mifugo haina karatasi. Mimi naona ina karatasi nyingi kuliko biashara nyingi za mjini, ila huishia kutupwa njiani. Kabla ngamia hawajapanda lori, afisa wa mifugo wa serikali ametoa kibali cha kusafirisha kinachotaja aina ya mnyama, idadi, wanakotoka na wanakokwenda. Sokoni kaunti imetoza ushuru kwa kila kichwa na kutoa risiti. Mwenye lori naye amelipwa, na aghalabu kwa M-Pesa, kwa hiyo ujumbe wake upo kwenye simu. Kinachokosekana mara nyingi ni kimoja tu, hati ya mauziano. Haihitaji wakili. Ukurasa mmoja unatosha, wenye tarehe, mahali, idadi ya ngamia, bei ya kila mmoja na jumla, majina na nambari za vitambulisho vya muuzaji na mnunuzi, na sahihi ya dalali kama shahidi pamoja na nambari yake ya simu. Nambari hiyo ina uzito, kwa sababu afisa wa benki anaweza kumpigia dalali papo hapo.

Afisa anayeangalia karatasi hizi hatafuti mihuri mikubwa. Anatafuta kama zinasema kitu kimoja. Kibali kinasema 28, risiti ya ushuru 28, hati ya mauziano 28, bei inakaribia bei ya soko, tarehe zinafuatana, na upungufu wa Sh160,000 kati ya mauzo na pesa zilizoletwa una maelezo. Zikikubaliana hivyo, kazi huisha haraka. Zinapogongana, hata muhuri wa chifu hauwezi kuziokoa. Barua ya chifu inaweza kusema kwamba mtu huyu ni mkazi wa Hadado na ni mfugaji, lakini chifu hakuwepo Garissa pesa zikihesabiwa, na benki inalijua hilo.

Mgongano wa kwanza hutokea kwa kutaka kupunguza ushuru. Mtu anaandikisha ngamia 20 ilhali amepakia 28. Ameokoa pesa kidogo sokoni, lakini sasa ana Sh760,000 ambazo hazina mnyama kwenye karatasi. Wa pili ni wa lori la ushirika. Wafanyabiashara watatu wanapakia pamoja na kibali kinaandikwa jina la mmoja wao, kwa hiyo wale wawili wanafika benki na pesa zao halali zikiwa na kibali cha mtu mwingine. Dawa yake ni kumwomba afisa wa mifugo aandike majina yote na idadi ya kila mmoja, au wenyewe watie sahihi mgawanyo wao kabla lori halijaondoka. Zaidi ya hayo, kibali kinaweza kubaki kichinjioni au kwenye kizuizi cha barabarani na kisirudi tena. Kipige picha kingali mkononi mwako.

Jambo ambalo mabenki hulielewa vibaya kuliko yote ni ngamia wa watu wengine. Katika wale 28, tuseme tisa ni wa shemeji na binamu, waliomkabidhi awauze kwa uaminifu. Sh855,000 si zake. Zinaingia kwenye akaunti yake Jumatano na Alhamisi zinatoka kwenda kwa watu watatu. Kwa afisa asiyejua maisha ya wafugaji, pesa zinazoingia kwa wingi na kutoka kesho yake ni dalili aliyofundishwa kuitilia shaka. Kwa hiyo mwenye pesa asingoje kuulizwa. Alete orodha ya wenye mifugo, vitambulisho vyao, idadi ya kila mmoja na sahihi zao, aseme tangu mwanzo kwamba sehemu ya pesa hizi itatoka, na itakwenda kwa nani.

Hali ni hiyo hiyo kwa michango ya diya. Kwa desturi fidia ya mtu aliyeuawa ni ngamia mia, na ukoo unapochangishana, mzee mmoja hujikuta amebeba mamilioni yaliyotoka mikononi mwa mamia ya watu. Yakiingia kwenye akaunti yake binafsi yanaonekana kama mapato yake. Ni afadhali kufungua akaunti ya kamati yenye watia sahihi watatu, na kuipa benki nakala ya makubaliano ya wazee, orodha ya waliochanga na barua ya chifu. Hapa barua hiyo ina nguvu, kwa kuwa chifu kwa kawaida anaijua kesi na pengine alikuwapo kwenye kikao.

Lipo pia suala la akaunti yenyewe. Ikiwa ilifunguliwa miaka kumi iliyopita na ikaandikwa kwamba mwenyewe ni mwalimu wa mshahara wa Sh40,000, mfumo wa benki unamtazama kama mwalimu. Milioni mbili na nusu zikiingia, kompyuta inapiga kelele kabla karani hajasema neno. Akienda siku ambayo hana haraka, akaandikisha kwamba sasa anafanya biashara ya mifugo, anauza takriban mara ngapi kwa mwaka na kwa kiasi gani, muamala ule ule utapita kama jambo lililotarajiwa.

Wengine hushauriana kukatakata pesa: Sh900,000 leo, Sh900,000 kesho, zinazobaki kwa wakala. Ushauri huo ni mbaya, na umewaponza watu waliokuwa na ngamia wa kweli. Mfumo hujumlisha, na mtu anayekaa chini kidogo ya kiwango siku tatu mfululizo anaonekana kujua kiwango hicho na kukikwepa. Ripoti ya kawaida isiyo na tuhuma inageuka kuwa ile nyingine.

Kama mnunuzi ana akaunti, njia nyepesi ni alipe kwa RTGS. Hundi haziruhusiwi kupita Sh999,999, lakini RTGS hubeba zaidi ya milioni, na mkiwa wote benki moja, pesa zinaweza kuonekana kabla ngamia hawajatoka zizini. Karatasi za mauzo bado zihifadhiwe, ila swali la taslimu halipo tena.

Benki ikikataa pesa licha ya karatasi, omba kuonana na meneja na uulize ni stakabadhi gani hasa inayokosekana, kisha uiandike. Kupiga kelele kaunta hakusaidii, kwa sababu karani hana mamlaka ya kupitisha alichokataza afisa wa uzingatiaji wa sheria. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa kwa maandishi makao makuu ya benki, na kutoka hapo Benki Kuu. Sheria inaitaka benki itunze kumbukumbu za muamala kwa angalau miaka 7, na swali la ngamia 28 linaweza kurudi wakati dalali amebadilisha simu na mnunuzi amehama. Hati ya mauziano, risiti na picha ya kibali zikae pamoja nyumbani kwa muda huo huo, kila safari na bahasha yake.